Soda ya moto bado ina gesi yake yote, mpaka uifungue

Ukiagiza soda dukani Dar es Salaam, muuzaji atakuuliza: baridi au ya moto? "Ya moto" ni ile ambayo haijaingia kwenye friji, imekaa tu kwenye kreti. Wengi huikataa kwa madai kwamba gesi yake imepungua. Madai hayo si sahihi. Chukua chupa mbili za soda ya aina moja, zilizotoka kiwandani pamoja, moja ikae kwenye friji na nyingine juu ya meza. Maadamu hazijafunguliwa, gesi iliyomo ni ile ile. Kama ni za plastiki, zibonyeze kwa vidole na utaona kwamba ya moto ndiyo ngumu zaidi, kana kwamba imejazwa zaidi.

Halafu zifungue. Ya moto inafoka, povu linapanda hadi mdomoni mwa chupa, na muda mfupi baadaye unakunywa maji matamu yasiyo na mchomo. Ya baridi inatoa mlio mfupi, viputo vinapanda taratibu, na hata ukiisahau kidogo bado inauma ulimi. Gesi ilikuwa sawa, kwa hiyo tofauti lazima itafutwe kwingine: kwenye kiasi ambacho kinywaji kinaweza kukishikilia, ukilinganisha na kiasi kilichomo.

Gesi ya soda ni kabonidioksaidi, ile ile tunayoitoa tukipumua. Ndani ya chupa iliyofungwa haikai kama viputo vidogo vilivyojificha. Molekuli zake zimetawanyika moja moja katikati ya molekuli za maji, ndiyo maana ukiitazama soda iliyotulia huoni kiputo hata kimoja. Juu ya kinywaji, chini ya kifuniko, kuna nafasi ndogo iliyojaa gesi hiyo hiyo. Molekuli za gesi zinagonga uso wa kinywaji muda wote, na baadhi huzama ndani. Wakati huo huo, zilizokwisha kuyeyuka zinafika usoni na kuchomoka. Chupa ikikaa bila kuguswa, zinazoingia na zinazotoka hulingana. Kwa nje inaonekana hakuna kinachotokea, kumbe safari za pande zote mbili zinaendelea bila kukoma.

Sasa ongeza mgandamizo wa gesi ile iliyo juu. Mgandamizo si kitu kingine ila hayo magongano: ukiuongeza mara mbili, molekuli zinazogonga uso kila sekunde zinakuwa mara mbili, na zinazoingia nazo zinakuwa mara mbili. Zinazotoka bado ni zile za awali, kwa hiyo gesi inazidi kujikusanya ndani ya kinywaji. Itaendelea hivyo mpaka zinazotoka nazo ziwe mara mbili, na hilo haliwezekani mpaka gesi iliyoyeyuka yenyewe iwe mara mbili. Mgandamizo mara tatu, gesi mara tatu. Daktari na mwanakemia wa Manchester, Uingereza, aitwaye William Henry alilipima jambo hili kwa gesi kadhaa na kulichapisha mwaka 1803, na kanuni hiyo bado inaitwa kwa jina lake. Halikuwa jambo geni nyumbani kwao, kwani baba yake, Thomas Henry, alikuwa mtengenezaji wa dawa aliyeuza pia maji yaliyotiwa gesi. Kwa maandishi ya hesabu ni fupi kabisa:

C = k × P

C ni gesi iliyoyeyuka, P ni mgandamizo wa gesi hiyo juu ya kinywaji, na k ni namba inayotegemea gesi yenyewe, kimiminika chenyewe, na joto. Neno hilo la mwisho ndilo linaloamua habari ya soda baridi na soda ya moto.

Tuchukue lita moja ya maji, na juu yake kabonidioksaidi tupu yenye mgandamizo sawa na ule wa hewa ya kawaida pwani, ambao hapa nitauita kipimo 1. Maji yakiwa na nyuzi 4, joto la friji nzuri, yatashika karibu gramu 2.9 za gesi. Kwenye nyuzi 20 yatashika gramu 1.7. Kwenye nyuzi 30, yaani mezani Dar es Salaam au Mombasa, gramu 1.3 tu. Kwenye nyuzi 40 inabaki takriban gramu 1. Kutoka friji hadi meza, uwezo wa maji kushika gesi unapungua kwa zaidi ya nusu.

Hili huwashangaza watu kwa sababu tumezoea sukari, ambayo huyeyuka vizuri zaidi kwenye chai ya moto. Lakini punje ya sukari ni molekuli zilizoshikana, na joto linasaidia kuzing'oa ziingie majini. Molekuli ya gesi haijashikana na mwenzake. Iko huru angani. Ikizama majini ndipo inaposhikwa kidogo na molekuli za maji, na kitendo hicho hutoa joto. Ili itoke tena inabidi ijinasue, na kujinasua kunahitaji nguvu. Maji yakiwa baridi, molekuli zenye nguvu hiyo ni chache. Yakipata moto zinakuwa nyingi sana, ilhali magongano ya kutoka juu hayabadiliki kwa kiasi kama hicho. Zinazotoka zinazishinda zinazoingia, na msawazo mpya unapatikana gesi ikiwa pungufu ndani ya maji.

Turudi kwenye chupa iliyofungwa. Soda za kawaida hutiwa gesi kwa viwango tofauti, ila gramu 7 kwa lita ni mfano mzuri. Ili gramu 7 zibaki zimeyeyuka kwenye nyuzi 4, gesi ya juu lazima iwe na mgandamizo wa 7 ÷ 2.9, yaani takriban 2.4 ya kile kipimo chetu. Kwenye nyuzi 30 inakuwa 7 ÷ 1.3, zaidi kidogo ya 5. Kwenye nyuzi 40 inafika 7, na hapo ndipo chupa ya plastiki iliyoachwa ndani ya gari juani inavimba kitako na kushindwa kusimama. Namba halisi hupishana kidogo na hizi, kwa kuwa sukari huyapunguzia maji uwezo wa kushika gesi na sehemu ndogo ya gesi imo tayari kwenye ile nafasi ya juu, lakini mwelekeo ni huo. Ni kwa sababu hiyo pia viwanda hupendelea kutia gesi kwenye kinywaji kilichopozwa: kwenye nyuzi 4 mgandamizo mdogo unatosha, na kinywaji hakifoki chupa inapojazwa.

Kwa hiyo soda ya moto iliyofungwa haijapoteza kitu. Sehemu ndogo ya gesi imetoka majini ikaenda juu, mgandamizo ukapanda, na mgandamizo huo huo ukaizuia iliyobaki isitoke. Ukiirudisha kwenye friji, gesi iliyopanda inazama tena. Kuna tahadhari moja tu, nayo inahusu plastiki. Kabonidioksaidi hupenya polepole sana kwenye kuta za chupa ya plastiki, na hupenya haraka zaidi kukiwa na joto. Soda ya plastiki iliyokaa stoo yenye joto kwa miezi mingi inaweza kweli kuwa imepungua gesi kabla hata ya kufunguliwa. Chupa ya kioo haina tatizo hilo, ila kizibo kikiwa kibovu.

Unapofungua, ule mlio ni gesi ya juu inayotoroka. Ghafla mgandamizo wa kabonidioksaidi juu ya kinywaji unaporomoka, kwa sababu nafasi yake inachukuliwa na hewa ya kawaida, ambayo kabonidioksaidi ndani yake ni kama asilimia 0.04 tu. Ukiingiza namba hiyo kwenye kanuni ya Henry, kwenye nyuzi 30 kinywaji kinastahili kushika karibu nusu miligramu kwa lita, na hata kwenye friji ni miligramu moja na kitu. Kilichomo ni gramu 7. Karibu gesi yote, katika chupa zote mbili, imekuwa ziada isiyo na cha kuishikilia. Soda baridi ukiiacha wazi muda mrefu nayo itaisha gesi. Baridi inaichelewesha tu, na namna inavyoichelewesha inaonekana ukifuata njia mbili ambazo gesi hutumia kutoka.

Njia ya haraka ni viputo. Kiputo kilichomo ndani ya kinywaji kinasukumwa pande zote na mgandamizo wa hewa iliyo juu ya uso. Ili kisimame na kukua, gesi iliyo ndani yake lazima nayo isukume kwa kipimo 1 au zaidi. Hiyo ina maana kwamba kinywaji kinaweza kulisha viputo pale tu kinapokuwa na gesi nyingi kuliko ile ambacho kingeshika chini ya kipimo 1. Namba hizo tunazo tayari: gramu 2.9 kwa lita kwenye friji, gramu 1.3 mezani. Soda baridi ikishuka hadi gramu 2.9 viputo vinakoma, na iliyobaki haina njia ila ile ya pili, kupitia usoni, molekuli moja moja, njia ya polepole. Soda ya moto inaendelea kububujika mpaka ishuke hadi 1.3.

Chupa ya nusu lita ilianza na gramu 3.5 za gesi. Zikitoka zote kwenye nyuzi 30 zinajaza karibu lita 2, mara nne ya ujazo wa soda yenyewe. Viputo vinaweza kuiondolea soda baridi gramu 2 hivi kabla havijakoma, na soda ya moto karibu gramu 3. Mwenye mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja anaweza kuliona jambo hili: apime chupa kabla ya kuifungua, aifungue polepole isimwage hata tone, aweke na kifuniko mzanini, kisha aangalie namba ikishuka. Asingoje hadi kesho yake, maana maji nayo huvukiza na kuharibu hesabu.

Ipo pia habari ya mwendo. Kadiri pengo kati ya kilichomo na kinachoweza kushikwa linavyokuwa kubwa, ndivyo kila kiputo kinavyokua upesi. Katika soda ya moto pengo ni kubwa zaidi, na pia molekuli zinasafiri haraka zaidi ndani ya maji, kwa sababu maji ya moto ni mepesi kupitika. Ndiyo maana inafoka.

Lakini kiputo hakizaliwi popote. Kiputo kichanga sana kinabanwa na mvutano wa uso wa maji kiasi kwamba kinakandamizwa na kutoweka kabla hakijakua, kwa hiyo karibu viputo vyote vya soda huanzia mahali ambapo tayari pana kihewa kilichonasa: nyuzi za pamba zilizobaki kwenye glasi iliyofutwa kwa kitambaa, chembe ya vumbi, mkwaruzo. Tazama glasi ya soda na utaona mistari ya viputo ikitoka sehemu zile zile tu. Barafu ina nyuso nyingi za namna hiyo. Mtu anayemimina soda ya moto juu ya barafu akitumaini kuiokoa anapata hasara mara mbili: soda ingali ya moto inakutana na maelfu ya mahali pa kuzalia viputo, inatoa povu, na ikifika kupoa gesi nyingi imeshakwenda. Afadhali ipoe kwanza ikiwa imefungwa. Vivyo hivyo chupa iliyotikiswa hufoka kwa sababu viputo vidogo vimetawanywa ndani ya kinywaji, tayari kukua. Gesi haijaongezeka. Ukiiacha itulie, vinapanda juu na hatari inapita.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la chupa iliyobaki nusu. Tuseme umebakiwa na mililita 250 zenye gramu 5 kwa lita, halafu ukafunga. Gesi itaendelea kutoka mpaka ile nafasi tupu ya mililita 250 ijae vya kutosha kurudisha msawazo. Kwenye friji kinywaji kitabaki na karibu gramu 3 kwa lita. Mezani kitabaki na gramu 2 tu, kwani maji ya moto yanaiachia gesi nafasi ya juu kwa urahisi zaidi. Na kila ukifungua na kufunga tena, nafasi hiyo inamwagwa na kudai kujazwa upya. Kuna wanaoiminya chupa ya plastiki ili kuondoa hewa kabla ya kufunga. Hiyo haisaidii, kwa sababu gesi ikitoka inaisukuma plastiki irudi umbo lake, na nafasi inakuwa ile ile. Dawa ni kuhamishia kinywaji, taratibu na kikiwa baridi, kwenye chupa ndogo inayojaa hadi karibu na mdomo.

Vile vifuniko vyenye pampu vinauzwa kwa ahadi ya kutunza gesi, na hapa kanuni ya Henry inahitaji kusomwa kwa makini. P katika kanuni ni mgandamizo wa gesi husika peke yake. Pampu inaingiza hewa ya kawaida, yenye naitrojeni na oksijeni, karibu bila kabonidioksaidi. Hewa hiyo inavizuia viputo visikue, ndiyo, kwa kuwa viputo hujali mgandamizo wote. Lakini njia ya usoni haijali. Molekuli za kabonidioksaidi zinaendelea kupanda kuijaza nafasi ya juu kana kwamba hewa uliyopampu haipo, na ukiiacha usiku kucha msawazo unaishia pale pale ambapo kifuniko cha kawaida kingekufikisha.

Na mchomo wa ulimi? Wengi hudhani ni viputo vinavyopasuka. Majaribio ya kunywa maji ya gesi ndani ya chumba chenye mgandamizo mkubwa, ambamo viputo haviwezi kutokea, yalionyesha kwamba ulimi unachomwa vile vile. Mdomoni kipo kimeng'enya kinachoigeuza kabonidioksaidi kuwa asidi upesi, na mwaka 2009 watafiti waliofanya kazi na panya walionyesha kwamba seli za ladha ya uchachu ndizo zinazobeba kimeng'enya hicho. Baadhi ya wapandaji wa Kilimanjaro wanaomeza Diamox kujikinga na ugonjwa wa mwinuko hugundua hilo bila kukusudia, maana dawa hiyo hukizuia kimeng'enya hicho, na soda iliyojaa gesi inakuwa kama imeisha. Kwa hiyo kinachohesabika kwa mnywaji ni gesi iliyobaki imeyeyuka. Glasi baridi iliyoacha kububujika bado ina karibu gramu 2.9 kwa lita za kumchoma.

Kanuni hii ina sura nyingine, kubwa na ya kutisha, kwenye maziwa yenye kina. Chini ya maji mgandamizo huongezeka kwa kipimo 1 katika kila mita 10 hivi, na gesi inayoingia kutoka ardhini inaweza kuyeyuka kwa wingi ambao uso wa ziwa usingeuvumilia. Ziwa Nyos, kaskazini magharibi mwa Kameruni, lilikuwa limejaza kabonidioksaidi kwa namna hiyo. Tarehe 21 Agosti 1986 maji ya chini yalisukumwa juu, mgandamizo ukapungua, viputo vikazaliwa, navyo vikavuta maji zaidi kuelekea juu. Gesi iliyotoka ni nzito kuliko hewa. Ilitambaa mabondeni usiku na kuua watu wapatao 1,700. Tangu 2001 mabomba yamewekwa kuipunguza kidogo kidogo.

Ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda, ni kubwa zaidi kwa mbali. Limeshikilia kabonidioksaidi ambayo ikitolewa juu ingejaza takriban kilomita za ujazo 300, pamoja na methani ya kilomita za ujazo 60 hivi. Maji yake ya chini ni ya moto kidogo kuliko yaliyo juu yake, na kwa kanuni ya joto peke yake yangepaswa kuachia gesi. Hayaachii, kwa kuwa mgandamizo wa mamia ya mita za maji unaishinda kabisa athari ya nyuzi chache za joto, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake inayafanya mazito yabaki chini. Kiwango cha gesi bado kiko chini ya kile ambacho kina hicho kinaweza kushika.

Karongi, upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt huzalisha umeme wa megawati 26 kwa kutumia tabia hiyo hiyo. Bomba linashuka takriban mita 350. Maji yakianza kupanda ndani yake viputo vinatokea, safu ya maji inakuwa nyepesi, na maji yanaendelea kujipandisha yenyewe. Wahandisi hawayafikishi maji hayo hadi juu kabisa kabla ya kutenganisha gesi. Huitenganisha chini kidogo ya uso, ambako mgandamizo bado upo, kwa sababu kabonidioksaidi huyeyuka majini takriban mara 25 zaidi ya methani. Kwenye mgandamizo huo methani nyingi inatoka, ilhali sehemu kubwa ya kabonidioksaidi inabaki majini. Gesi iliyopatikana huoshwa tena kwa maji, nayo yanaondoa kabonidioksaidi nyingine kwa sababu hiyo hiyo, kisha methani inapelekwa nchi kavu kwenye injini. Maji yaliyotoa methani yanarudishwa kwa bomba kwenye kina, yakiwa bado na kabonidioksaidi yake, ili matabaka ya ziwa yasivurugwe.